Umeitwa kwenye usaili: barua ya ufuatiliaji kwa halmashauri na barua ya ufuatiliaji kwa shirika la hisani

Mwombaji wa kazi nchini Tanzania anaweza kuitwa kwenye usaili na waajiri wawili ndani ya wiki moja, mmoja akiwa halmashauri ya wilaya na mwingine shirika la hisani, kisha akakaa na kuandika barua moja ya ufuatiliaji ambayo anaibadilisha anwani tu na kuipeleka kote kuwili. Barua hiyo huwa haifai popote. Kwa halmashauri inakuwa na maneno mengi ya shukrani na haina kumbukumbu ambayo karani anaweza kuitumia kutafuta jalada, na kwa shirika inasomeka kama waraka wa serikali uliopotea njia. Ulinganisho huu unahusu kipindi cha baada ya tangazo la kuitwa kwenye usaili: nani anastahili kuandikiwa, kwa muundo upi, kuhusu jambo gani, na wakati gani ni heri kutoandika kabisa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwombaji mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, anayeishi Morogoro, ameomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II katika halmashauri ya wilaya, na ameomba pia nafasi ya mtunza kumbukumbu katika shirika linalohudumia watoto. Tarehe 6 Mei 2025 halmashauri inatoa tangazo lenye majina 84 kwa nafasi tatu, likitaja usaili wa kuandika siku ya Jumanne, tarehe 20 Mei, saa 1:30 asubuhi. Siku inayofuata anapokea barua pepe ya afisa rasilimali watu wa shirika, ikimwita kwenye mahojiano tarehe hiyo hiyo saa 4:00 asubuhi, jijini Dar es Salaam, yeye akiwa mmoja kati ya watu watano. Juu ya hayo, kwenye orodha ya halmashauri jina lake la kati limeandikwa Salum badala ya Saidi. Ana mambo mawili ya kuandikia, na kila jambo lina mlango wake.

Barua inaangukia mikononi mwa nani

Tofauti kubwa kati ya ofisi hizi mbili haiko kwenye ukali wala upole wa watu wake. Iko kwenye njia ambayo barua inapita. Katika ofisi ya umma barua hupokelewa masijala, ambako hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, hupewa namba ya folio na kuwekwa ndani ya jalada la mada husika, kisha jalada zima hupelekwa kwa mkuu wa ofisi, naye huandika maelekezo mafupi kwa afisa anayepaswa kulishughulikia. Ndiyo maana barua ya serikali huandikwa kwa cheo na si kwa jina. Ukiandika jina la mtu juu ya bahasha, masijala inaweza kuichukulia kuwa barua binafsi na kuiacha bila kuifungua, na kama mwenyewe yuko likizo au amehamishwa kituo, barua yako nayo imekwenda likizo.

Katika shirika la hisani, hasa lile dogo lenye ofisi moja au mbili, mara nyingi hakuna masijala. Afisa aliyekutumia wito ndiye aliyesoma maombi yako, ndiye anayepanga ratiba ya jopo na ndiye atakayekujibu. Kumwandikia "Mkurugenzi Mtendaji" pale ambapo wito ulitoka kwa afisa aliyetaja jina lake ni kumzunguka, na barua itarudi mezani kwake ikiwa imechelewa siku tatu. Hapa mwandikie yeye kwa jina na cheo chake, kwa njia ile ile aliyoitumia kukuita.

Lugha nayo ifuate wito. Halmashauri itakuandikia kwa Kiswahili nawe ujibu kwa Kiswahili. Shirika likikuita kwa Kiingereza, kulijibu kwa Kiswahili kunaweza kumfanya afisa ajiulize kama unaimudu lugha ya ripoti zake.

Barua ya kwanza: halmashauri

Kabla ya kuandika, mwombaji wetu anapaswa kujua kosa la jina limetoka wapi, kwa sababu dawa zinatofautiana. Kama majina yanapishana kwenye nyaraka zake mwenyewe, kwa mfano cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi na cheti cha kidato cha nne kinasema Said, barua haimsaidii chochote. Kinachohitajika hapo ni hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kwa kadiri tangazo linavyoelekeza, na aende nayo siku ya usaili. Lakini kama nyaraka zake zote zinakubaliana na kosa limefanyika wakati orodha inachapwa, basi kosa ni la ofisi, na barua ndiyo chombo chake halali. Anaiandika hivi:

S.L.P. ...,
MOROGORO.

8 Mei 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ...,
S.L.P. ...

YAH: OMBI LA KUREKEBISHA JINA KWENYE ORODHA YA WALIOITWA KWENYE USAILI – MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA II

Tafadhali rejea tangazo lako lenye Kumb. Na. ... la tarehe 6 Mei 2025 linalohusu mada tajwa hapo juu.

2. Katika namba 37 ya orodha iliyoambatana na tangazo hilo, jina langu la kati limeandikwa Salum. Jina lililopo kwenye barua yangu ya maombi, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo na kitambulisho cha Taifa ni Saidi.

3. Naomba jina hilo lirekebishwe kwenye orodha ya mahudhurio ya usaili utakaofanyika tarehe 20 Mei 2025. Naambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha Taifa na ukurasa wa tangazo wenye jina hilo.

4. Naomba kuwasilisha.

(Saini)
Jina kamili
Namba ya simu

Msomaji aliyezoea barua za shuleni ataona kuwa aya zimepewa namba, na kwamba namba zinaanzia 2. Huo ndio utaratibu wa barua za serikali ya Tanzania: aya ya kwanza haina namba, na zinazofuata huhesabiwa. Mwombaji halazimiki kuufuata, na hakuna atakayemkatalia barua kwa sababu hiyo, lakini una faida yake, kwa kuwa afisa anayeandika maelekezo juu ya jalada anaweza kusema "shughulikia aya ya 3" bila kuisimulia upya. Kwa mwombaji wa kazi ya kumbukumbu, ambaye siku moja huenda akawa ndiye anayegonga muhuri masijala, ni dalili ndogo kwamba anaijua kazi.

Neno "rejea" ndilo linalobeba barua nzima. Bila namba ya kumbukumbu na tarehe ya tangazo, karani hana namna ya kujua barua iingie jalada lipi, na barua isiyo na jalada huishia kwenye trei. Matangazo mengi ya serikali huchapisha maneno "Unapojibu tafadhali taja" pembeni mwa namba hiyo, nayo hayakuwekwa kwa urembo. Mwisho wa barua, baadhi ya watu huongeza "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa Taifa". Hayana ubaya, ila kutokuwepo kwake hakupunguzi kitu. Salamu ya "Mheshimiwa" ndiyo ya kuepuka: mkurugenzi wa halmashauri ni mtendaji, na "Ndugu" inamtosha. Aliyesoma Kenya atazoea kuandika MINT: mahali pa YAH:, na ataeleweka, lakini kwenye ofisi ya Tanzania ni vyema atumie YAH:.

Barua hii ipelekwe kwa mkono ikiwezekana, nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mwombaji anaondoka nayo. Nakala hiyo iliyogongwa muhuri ina uzito kuliko barua yenyewe, kwa sababu siku ya usaili, msimamizi wa mlangoni akisema jina halipo, mwombaji hana haja ya kubishana, anamwonyesha muhuri. Simu aliyopiga wiki iliyopita, hata kama alijibiwa vizuri, haina mahali inapoonekana.

Ikiwa nafasi inasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma badala ya halmashauri, hesabu inabadilika. Maombi, taarifa binafsi na hali ya mwombaji vimo kwenye akaunti yake ya Ajira Portal, na matangazo yake ya usaili tayari yanaeleza karibu kila jambo ambalo mtu angetaka kuuliza: vyeti halisi vya kwenda navyo, vitambulisho vinavyokubalika, kwamba hati za matokeo na matokeo ya awali hayakubaliki badala ya vyeti, kwamba waliosoma nje ya nchi wawe wamehakikiwa vyeti vyao na TCU, NACTVET au NECTA, na kwamba kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Barua inayouliza kilichokwisha kuandikwa kwenye tangazo haina wa kuijibu. Huko ni heri kutoandika, isipokuwa una kosa linaloonekana kwenye orodha yenyewe au una ulemavu unaohitaji maandalizi, kwa mfano karatasi ya maandishi makubwa au chumba cha chini. Jambo hilo la mwisho liandikwe mapema kwa ofisi ya aina yoyote.

Barua ya pili: shirika

Sasa limebaki suala la tarehe zilizogongana. Swali la kwanza ni nani aombwe kubadilisha, na jibu langu ni shirika, karibu kila mara. Halmashauri inawasaili watu 84 kwa mtihani mmoja wa kuandika. Haiwezi kutunga mtihani mwingine kwa ajili ya mtu mmoja bila wengine 83 kuwa na haki ya kulalamika, na afisa anayejaribu kufanya hivyo anajiweka pabaya. Jopo la shirika lina watu watano wa kuwasikiliza mmoja mmoja, na kumsogeza mmoja wao siku moja mbele ni kazi ya kupiga simu mbili. Kuna wanaoamini kwamba shirika likisikia umeitwa kwingine litakutoa kwenye orodha. Linaweza, lakini visingizio vya kawaida, kama msiba au homa ya ghafla, ni vibaya zaidi, maana huulizwa tena ana kwa ana na mtu anayesimamia kumbukumbu hatakiwi kuanza kazi kwa kumbukumbu ya uongo.

Barua yenyewe iandikwe ndani ya barua pepe, si kama kiambatisho. Anwani za juu hazihitajiki. Kichwa cha barua pepe ndicho YAH:.

Kichwa: Ombi la kubadilishiwa siku ya mahojiano, tarehe 20 Mei 2025 – Mtunza Kumbukumbu

Ndugu ...,

Nashukuru kwa barua pepe yako ya tarehe 7 Mei 2025 iliyonialika kwenye mahojiano ya nafasi ya mtunza kumbukumbu. Nathibitisha kuwa bado naihitaji nafasi hii na niko tayari kuhojiwa.

Siku hiyo hiyo nimeitwa kwenye usaili wa kuandika katika taasisi ya umma, ambao hufanyika mara moja kwa waombaji wote. Kama ratiba ya jopo inaruhusu, naomba nihojiwe Jumatatu tarehe 19 Mei au Jumatano tarehe 21 Mei, saa yoyote itakayowafaa, ofisini kwenu au kwa njia ya mtandao.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 14 Mei ili nipange safari.

Wako mwaminifu,
Jina kamili
Namba ya simu

Tofauti na barua ya halmashauri ni dhahiri. Ile inarejea kumbukumbu. Hii inamrejea mtu na ujumbe wake. Ile haina shukrani, kwa sababu kuitwa kwenye usaili wa umma si fadhila bali ni matokeo ya kukidhi vigezo. Hii inaanza kwa kuthibitisha, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo afisa wa shirika anataka kujua ni kama mtu wake anakuja. Ile inaomba jambo moja lililo wazi. Hii inatoa siku mbili za kuchagua na njia mbadala, ili afisa aweze kujibu kwa sentensi moja. Kumwandikia "naomba mnisaidie kwa hili" bila kupendekeza siku kunamrudishia yeye kazi yako.

Shirika likikataa, mwombaji atalazimika kuchagua kabla ya tarehe 20, na hapa watu wengi huchagua kwa kuangalia jina la mwajiri tu. Ajira ya serikali yenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni ni kitu kikubwa, na mkataba wa shirika mara nyingi una urefu wa mradi na fedha za mfadhili. Lakini kinachopimwa siku ile si ajira, ni nafasi ya kuipata. Katika mfano wetu, halmashauri ina nafasi moja kwa kila watu 28, na baada ya mtihani wa kuandika bado kuna usaili wa mahojiano. Shirika lina nafasi moja kwa watu watano, na mahojiano hayo huenda yakawa hatua ya mwisho. Mimi ningeenda shirika, isipokuwa kama tayari nina kazi ya mkataba na ninachotafuta hasa ni utulivu wa muda mrefu.

Jambo moja la tahadhari linahusu pande zote mbili. Usichukue anwani ya kuandikia kutoka kwenye ujumbe wa wito pekee. Ilinganishe na ile iliyokuwa kwenye tangazo la kazi. Wito unaodai ada ya usaili, ya fomu au ya "kushughulikia faili" haustahili barua ya ufuatiliaji, hata uwe na nembo nzuri kiasi gani.

Usaili umepita na kimya kimetanda

Baada ya usaili, kasi ya ufuatiliaji nayo inatofautiana. Shirika kwa kawaida husema jopo litatoa jibu baada ya muda fulani. Muda huo ukipita, ongeza siku tatu au nne za kazi, kisha andika barua pepe ya mistari mitatu ukijibu juu ya mazungumzo yale yale, ili afisa aone historia yote bila kutafuta. Uliza kama uamuzi umefikiwa, na useme kama wadhamini wako wanapatikana. Kimya cha shirika mara nyingi kina sababu mbili: aliyeshika nafasi ya kwanza bado hajasaini, au mfadhili hajathibitisha bajeti. Katika hali zote mbili aliyeshika nafasi ya pili bado yumo, na barua yenye lawama ndiyo inayomtoa.

Kwa halmashauri, kuandika wiki mbili baada ya usaili ni mapema mno. Matokeo yanapaswa kukamilishwa na kupitishwa ngazi kwa ngazi, na waliofaulu hutangazwa kwa orodha ya kuitwa kazini, hivyo ubao wa matangazo na tovuti ya halmashauri vitakuambia kabla ya barua yoyote. Mwezi ukipita bila tangazo, andika tena kwa cheo, ukirejea kwanza tangazo la usaili na pili barua yako ya awali pamoja na tarehe iliyopokelewa masijala. Omba taarifa zako mwenyewe tu: kama mchakato umekamilika, na alama zako kama zinatolewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma na kuipa ofisi hiyo muda usiozidi siku 30 kujibu, na inatosha kuitaja kwa sentensi moja katika barua ya pili, si ya kwanza. Haikupi alama za mtu mwingine. Kwa shirika binafsi sheria hiyo inagusa pale tu linapotumia fedha za umma au kushika taarifa zenye maslahi kwa umma, kwa hiyo kuitaja kwenye barua pepe ya mistari mitatu kutakuharibia bila faida.

Linabaki suala la nakala. Mtu aliyechoka kusubiri huandika chini ya barua "Nakala: Mkuu wa Wilaya" ili kuharakisha mambo. Katika barua ya kwanza hilo linasomeka kama shtaka, na afisa atajibu kwa kujilinda badala ya kutafuta jalada. Nakala iwe kwenye barua ya tatu, baada ya mbili zenye muhuri kukosa jibu, na iende kwa ofisi iliyo juu ya ile unayoiandikia kikazi. Kwa shirika, usipeleke nakala kwa mfadhili kwa sababu ya kucheleweshewa jibu la usaili. Kama kuna malalamiko ya kweli, kwa mfano umedaiwa rushwa, hayo ni ya Bodi ya shirika au ya TAKUKURU, na huandikwa kwenye barua yake yenyewe, isiyochanganywa na ufuatiliaji wa kazi.